Mlango Usioonyesha Bawaba

Mwalimu Simeon Ogweno alifundisha jiografia kwa miaka thelathini na mmoja bila kushika bisibisi hata siku moja. Nyumbani kwake, kitu kilichoharibika kilitengenezwa na mkewe, na jambo hilo halikumsumbua mtu. Scovia ndiye aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori. Alijua misumari kwa kuisikia ikimwagwa kwenye mizani. Wateja wake walimwita Nyar Kanyamkago, binti wa Kanyamkago, na mafundi Wajaluo, Wakuria na Wakisii walimwamini kuliko walivyoaminiana wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka wa 1996 Simeon alistaafu. Mwezi huohuo Scovia aliteleza kwenye ngazi za kanisa zilizolowa mvua, akavunjika mguu wa kushoto mahali pawili. Matibabu yalikuwa Homa Bay, na daktari alitaka kumwona kila wiki. Basi duka likabaki mikononi mwa binti yao Pauline, na wazee wawili wakapanga nyumba Homa Bay, hatua chache kutoka hospitali.

Siku ya kuondoka Migori, Simeon alimwambia mkewe, "Mama Pauline, mambo ya duka tunayaacha hapa. Kule kazi yako ni kupona tu. Mengine yote nitafanya mimi."

Alisema kwa upendo. Scovia alimwangalia kidogo, kisha akatazama nje.

Nyumba waliyopanga ilijengwa zamani na mfanyabiashara wa pamba aliyependa vitu vizuri. Dari ilikuwa juu, sakafu ya simenti nyekundu, na ukuta mmoja wa sebule ulifunikwa mbao kutoka chini hadi juu. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wa mvule mtupu, mnene, mzito kama jeneza la tajiri. Ulifunguka kuelekea sebuleni, na ulikuwa umechakaa mahali fulani pasipoonekana. Ukiusukuma, ulisaga sakafu na kulia kama punda, halafu ukagoma nusu ya njia.

Simeon aliweza kuuvuta kwa mikono miwili. Scovia, mwenye plasta mguuni na magongo kwapani, hakuweza. Daktari alikuwa amemwagiza atembee hatua kumi mara tatu kwa siku, na kila mara ilimbidi aite, "Mwalimu, njoo unifungulie." Wiki ya kwanza aliita mara tatu kwa siku. Wiki ya pili, mara mbili. Wiki ya tatu Simeon aligundua kwamba haiti tena, anakaa tu kitandani akiangalia dirisha. Ukimuuliza anasema amechoka.

Hilo lilimuuma. Akaamua kwamba atautengeneza mlango mwenyewe, tena bila kumwambia, ili aamke aukute laini.

Jumatano moja, baada ya chakula cha mchana, Scovia alilala. Simeon alisukuma mlango taratibu hadi ukafunga, akatoa mfuko aliouficha chini ya kiti. Ndani mlikuwa na bawaba mbili za chuma, zile ambazo kila mtu anazijua: mabamba mawili yaliyoungana kwa pini katikati, yanafunguka na kufunga kama jalada la kitabu. Muuzaji wa pale sokoni alimuuliza mlango wake una bawaba gani. Simeon alijibu kwamba haoni bawaba yoyote, labda zimeoza zikaisha. Muuzaji akampa hizo, kwa kuwa ndizo zinazonunuliwa na watu wote.

Hakuwa na keekee ya kutoboa mashimo. Aliweka bamba moja juu ya ubao wa mlango, lingine juu ya fremu, akazianzisha skrubu kwa nyundo, kisha akazilazimisha kwa bisibisi ziingie kwenye mvule. Ilikuwa kama kuchoma jiwe kwa sindano. Jasho lilimtoka, vichwa vya skrubu vikalika, lakini baada ya saa nzima bawaba mbili zilikuwa zimekaa, moja juu na moja chini, zimepinda kidogo. Alirudi nyuma akazitazama, akaridhika.

Kisha akavuta mlango.

Haukuja. Alivuta tena, akaweka mguu ukutani akavuta kwa nguvu zote. Mbao zililia, lakini mlango haukusogea hata unene wa kidole.

"Mwalimu," sauti ya Scovia ikatoka ndani. "Unafanya nini huko?"

Simeon alikakamaa kama mwanafunzi aliyekutwa darasani wakati wa gwaride.

"Hakuna kitu. Lala tu."

"Nimesikia nyundo. Nimesikia skrubu zikilia kwenye mbao ngumu bila kutobolewa kwanza. Sasa nasikia unavuta na mlango hautaki. Umeweka nini?"

Ilibidi aseme. Alieleza bawaba mbili, mahali alipoziweka, na jinsi mlango ulivyokataa. Alitarajia kukemewa. Badala yake alisikia kitanda kikilia, kisha magongo, tok, tok, hadi nyuma ya mlango. Kisha kiti kikaburutwa.

"Sawa," Scovia alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya dukani, ambayo Simeon hakuwa ameisikia tangu Migori. "Nimekaa. Sasa utakuwa macho yangu. Kabla hujaweka zako, uliona vifundo vyovyote upande wako? Vile vya duara, pini inapopita, kwenye mwanya wa mlango na fremu?"

"Sikuona."

"Na upande wangu hakuna. Nimeliangalia hilo wiki tatu nzima. Hinji, yaani bawaba ya kawaida, lazima ionyeshe kifundo upande ule mlango unakofungukia. Mlango huu unafungukia kwako na kwako hakuna kifundo. Basi haukuwa na hinji za kawaida hata siku ya kwanza."

"Ulijua wiki tatu, hukuniambia?"

"Uliniambia mambo ya duka tumeyaacha Migori."

Simeon aliegemea ukuta.

"Kwa nini haufunguki?" Simeon aliuliza kwa upole.

"Kwa sababu mlango una mahali pake pa kuzungukia, popote palipo, nawe umeupa mahali pengine. Kitu kimoja hakiwezi kuzungukia mihimili miwili. Wewe si ndiye uliyefundisha watoto kwamba dunia ina mhimili mmoja?"

Simeon alicheka, ingawa hakutaka. Akachukua bisibisi akaanza kuzitoa skrubu. Bawaba ya chini ilitoka yote. Ya juu ikabaki na skrubu moja kwenye fremu na mbili kwenye mlango, vichwa vyake vimelika kabisa, bisibisi inateleza tu.

"Achana nazo," Scovia alisema aliposikia bisibisi ikiteleza. "Tafuta msumari mrefu. Uweke chini ya pini ya hinji, uigonge kwenda juu."

Aligonga mara nne. Pini ikapanda, ikachomoza, akaivuta kwa vidole. Mabamba mawili yakaachana, moja limebaki kwenye fremu na jingine kwenye mlango, kila moja kivyake. Simeon aliishika ile pini akaitazama. Kumbe bawaba yote ilishikwa na kitu kidogo hivyo.

"Usivute bado," Scovia alisema. "Angalia juu ya mlango. Mwanya kati yake na fremu ukoje?"

"Mkubwa. Kidole kinaingia."

"Mkubwa pande zote, au upande wa kitasa tu?"

Simeon alipanda kiti akapitisha kidole toka mwisho hadi mwisho. "Sawa pande zote."

"Na sakafuni? Mikwaruzo ni ya mstari mmoja mwembamba kule mbali, au?"

"Si mstari mmoja. Imeenea. Kuanzia karibu na ukuta hadi mwisho, kama alama ya kifagio."

Scovia alijibu, polepole sasa.

"Hinji ya kawaida ikilika, mlango huinama upande wa kitasa. Pembe moja ya chini husaga, na mwanya wa juu huwa mpana upande huo tu. Huu wetu haukuinama. Umeshuka wote mzima. Sikiliza, Mwalimu. Nadhani najua, lakini kuna kitu kimoja kinanitia hofu. Tafuta kipande cha kuni bapa, ukichonge kama kabari. Kisukume chini ya mlango upande wa kitasa, kingine katikati, ili uzito ukae juu yake. Kisha uufungue taratibu, na mkono mmoja uwe juu unaushikilia. Huenda huko juu kimebaki kidogo sana kinachoushika."

Alifanya hivyo. Mlango ulifunguka kwa shida, kabari zikiburuzika chini yake, na Simeon akauzuia kwa bega lake. Scovia alikuwa amekaa mbele yake kwenye kiti, mguu wa plasta umenyooka, kitambaa kichwani kimelegea. Walitazamana. Uso wa Scovia ulikuwa umenawiri.

"Donji, Mwalimu," alisema. Karibu ndani. Kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba na mumewe mgeni.

Sasa Simeon alikuwa na wazo lake. Katika ule ukuta wa mbao wa sebuleni mlikuwa na mlango mdogo wa stoo ambao mtu asingeujua mpaka aonyeshwe. Mfanyabiashara wa pamba hakutaka wageni wauone. Ukifungwa, ni ukuta tu, hakuna kifundo wala bawaba.

"Nadhani ni zile za kufichwa," alisema. "Kama ule wa stoo. Na ule hauonyeshi kitu."

"Hilo ni wazo la mtu anayefikiri," Scovia alisema, na Simeon akajisikia vizuri kupita kiasi. "Basi fungua ule wa stoo, uangalie ule ukingo unaogusa fremu. Unaona nini?"

Aliufungua. Kwenye unene wa ubao, juu na chini, palichimbwa vijishimo virefu, na ndani yake vyuma vidogo vilivyopishana kama vidole vya mtu anayesali. Mlango ukifunguka vilinyooka na kuonekana. Ukifunga vilijikunja vikarudi ndani ya mbao, nusu kwenye mlango na nusu kwenye fremu.

"Ndiyo hizo za kufichwa," Scovia alisema baada ya kuelezwa. "Zinajificha mlango ukifungwa, lakini ukifungua lazima uzione kwenye ukingo. Haziwezi kujificha mara zote mbili. Sasa njoo huku uangalie ukingo wa huu."

Simeon aliangalia. Alipitisha kiganja toka juu hadi chini kwenye ukingo wa mvule. Ulikuwa laini na mtupu, umechongwa duara kidogo, bila shimo wala chuma.

"Hakuna kitu," alisema, kama mtu aliyeibiwa.

"Tena usogeze kidogo, uone ule ukingo unakwenda wapi."

Alisogeza. Upande wa kitasa ulikuja kwake sebuleni, lakini ule ukingo mtupu ulirudi nyuma, kuelekea chumbani, upana wa vidole vitatu hivi. Mlango haukuzungukia kwenye fremu. Ulizungukia mahali ndani ya mbao zake wenyewe.

Scovia alinyoosha mkono kwenye meza ya kitanda akampa kioo chake kidogo cha kujitazamia. "Mimi siwezi kuinama. Kilaze sakafuni kwenye mwanya ulioachwa na kabari, karibu na ukuta, uniambie unaona nini."

Simeon alilala kifudifudi kwenye simenti. Umri wa miaka hamsini na sita, shati jeupe, shavu sakafuni. Kioo kilimwonyesha bamba la chuma lililopigiliwa chini ya mlango, na katikati yake pini nene iliyotoka sakafuni na kuingia ndani ya bamba. Kulizunguka kulikuwa na unga wa chuma unaong'aa, kama magamba ya omena, wale dagaa wa ziwani.

"Kuna pini," alisema. "Inatoka sakafuni. Imeliwa. Upande mmoja ni mwembamba."

"Na juu kuna nyingine kama hiyo, inashuka kutoka kwenye fremu na kuingia kichwani mwa mlango. Hiyo ni pivoti, Mwalimu. Pini moja juu, moja chini, basi. Ya chini hubeba uzito wote, ya juu huushika tu usianguke. Ndiyo maana waliiweka kwa mlango mzito hivi. Ya chini imelika, mlango ukashuka, na ya juu ikaanza kuchomoka kichwani. Ungeendelea kuvuta kwa mguu ukutani..."

Hakumaliza. Simeon alijiinua akakaa sakafuni, akautazama mlango, kisha akamtazama mkewe aliyekuwa amekaa upande wa pili wake. Alinyoosha mkono akaongeza kabari nyingine.

"Nilikosea," alisema. "Si mambo ya mlango. Kule kukwambia uache mambo yako Migori."

Scovia alirekebisha kitambaa chake. "Leta karatasi na kalamu," alisema. "Na tepu ya kupimia iko kwenye kikapu changu cha kufuma."

"Ulikuja nayo?"

"Sasa ningeiacha?"

Walipima mpaka jua likaanza kushuka. Unene wa mlango. Urefu na upana wa bamba. Umbali kutoka fremu hadi katikati ya pini, ambao Scovia alimfanya aupime mara tatu, kwa kuwa pivoti isiyokaa umbali uleule juu na chini haiwezi kuzungusha mlango. Alipomaliza kuandika, Scovia akasema jambo lililomshangaza.

"Usiende kuuliza madukani hapa, hawana. Nenda dukani kwangu. Rafu ya chini kabisa, nyuma ya mikebe ya rangi, kuna sanduku la bati lenye pivoti. Nililetewa kwa makosa mwaka wa themanini na nne, na nilipogundua, gari lililolileta lilikuwa limeondoka. Hakuna aliyewahi kununua. Mafundi wote walinicheka."

Usiku ule mlango ulibaki wazi kwenye kabari zake, na jirani yao Helen akakubali kushinda na Scovia kesho yake.

Simeon alifika Migori kabla ya saa nne asubuhi. Pauline alikuwa kaunta, anamhudumia fundi Mkuria aitwaye Gisiri, mtu mfupi mwenye mikono mipana aliyewahi kutengeneza milango ya nusu ya maduka ya mtaa ule. Baada ya salamu na kuulizana habari za mguu, Simeon alieleza kwamba anatafuta bawaba za mlango usioonyesha bawaba.

"Baba, hizo ni za kufichwa," Pauline alisema, akageuka kuchukua kifurushi. "Ninazo, zimekuja juzi."

"Hapana, nyara, binti yangu. Za kufichwa zinaonekana kwenye ukingo ukifungua. Ukingo wetu ni mtupu."

Pauline alisimama na kifurushi mkononi. Gisiri akageuza kichwa.

"Mzee," Gisiri alisema, "mlango ukisumbua hivyo mimi huweka hinji tatu za kawaida, inchi nne, kwisha maneno."

"Utaweka vizuri, fundi, sikatai. Lakini ukingo umechongwa duara, na mlango haukai kwenye fremu. Ukitaka hinji za kawaida utaunganisha mbao mpya kwenye mlango na kwenye fremu pia. Na mvule ule una uzito wa watu wawili." Simeon alifungua karatasi yake. "Ni pivoti. Imelika chini."

Gisiri aliichukua karatasi akaisoma, midomo ikisogea. Alisoma hadi chini, akarudi juu. "Nani alipima?"

"Mimi. Lakini aliyeona ni Mama Pauline. Alikuwa nyuma ya mlango."

Pauline aliweka mkono mdomoni, kisha akaingia nyuma ya mikebe ya rangi. Walisikia vitu vikisogezwa. Alitoka na sanduku la bati lenye vumbi jingi, akalipuliza. Ndani, kwenye karatasi ya mafuta, kulikuwa na vyuma vinne: pini ya sakafu na bamba lake, pini ya juu na kikombe chake. Gisiri alivigeuza mkononi kimoja baada ya kingine.

"Nilimcheka mama kwa hizi," alisema. "Nakumbuka mpaka siku." Akavirudisha kwenye karatasi. "Nitakuja nawe. Hiyo kazi si ya mtu mmoja, na mimi nataka kuiona."

Waliporudi Homa Bay, Scovia alikuwa amejitayarisha kama anayengoja wageni wa harusi. Kiti chake kilikuwa sebuleni. Helen alikuwa amemsuka nywele.

"Gisiri, umenona," alisema.

"Mama, umekaa hapo kama hakimu."

"Fanya kazi basi, nihukumu."

Gisiri aliutazama mlango kwanza bila kuugusa. Aliinama, akapanda kiti, akatazama juu, akatikisa kichwa. Pini ya juu ilikuwa imebakia ndani kiasi cha ukucha. Alimwagiza Simeon aukumbatie mlango, naye akatafuta skrubu ndogo ya kupandishia pini, kwenye bamba lililoishika juu ya fremu. Alipoizungusha, pini ikapanda na kujificha. Mlango ukawa huru. Wakauinamisha kwa pamoja, wakaunyanyua kutoka kwenye pini ya chini, wakaulaza kwenye mikeka. Simeon alihema kwa muda mrefu. Helen akamletea maji.

Bamba jipya la sakafu lilikuwa refu kuliko la zamani, karibu upana wa kidole gumba, na Gisiri akalazimika kuchimba simenti kwa patasi. Kichwani mwa mlango aliongeza nafasi ya kikombe kwa patasi nyembamba, akipuliza unga wa mvule. Alipotaka kufunga bamba la pini ya juu kwenye fremu, Scovia alikohoa.

"Timazi," alisema.

"Nilikuwa nakuja huko, mama."

"Najua."

Gisiri alining'iniza timazi, uzi wenye kipande cha risasi mwishoni, kutoka katikati ya pini ya juu. Uzi ulicheza, ukatulia, na ncha ya risasi ikasimama kando ya pini ya sakafu, si juu yake. Alisogeza bamba la juu kidogo, akangoja uzi utulie tena. Safari hii ncha iliangukia katikati kabisa. Simeon, aliyekuwa amepiga magoti karibu, ndiye aliyesema, "Hapo." Gisiri alimtazama, kisha akazifunga skrubu, kila moja kwenye shimo lililotobolewa kwanza.

Waliweka tone la grisi kwenye pini ya chini. Wakaunyanyua mlango, wakaukalisha, wakausimamisha wima, na Gisiri akazungusha ile skrubu hadi pini ya juu ikashuka ndani ya kikombe chake. Mwanya wa chini sasa ulikuwa sawa na wa juu, karatasi ngumu ingepita.

"Mama Pauline," Simeon alisema, "jaribu wewe."

Scovia alisimama kwa magongo. Hakuna aliyemshika, kwa kuwa alimtazama Helen kwa jicho la kumzuia. Alifika kwenye mlango, akaweka vidole viwili karibu na kitasa, akasukuma. Ule mvule mzito uliondoka kimya, ukaenda mpaka mwisho, ukasimama hapo alipouacha. Akauvuta kwa vidole vilevile, ukaja. Alifanya hivyo mara tano au sita, akitazama chini, akitazama juu, na wote wakamngoja.

"Iko sawa," alisema kwa Gisiri. Wale wanaomjua wanajua kwamba hasemi hivyo mara nyingi.

Kisha akaingia chumbani, akageuka, akatoka tena peke yake, na kuendelea hadi barazani. Hatua kumi zilipita, hakuzihesabu.

Walikula samaki aina ya ngege na kuon, ugali wa Kijaluo, barazani, Gisiri akisimulia habari za mlango wa benki fulani uliomshinda, na Scovia akimuuliza maswali hadi akaona alipokosea. Simeon alichambua miiba ya samaki wake. Mara kwa mara aliitazama mikono yake, ambayo ilikuwa na malengelenge mawili, na hakuificha.

Jumapili ile Pauline alikuja kumwona mama yake. Alileta kitabu cha oda za duka, kwa kuwa kulikuwa na mambo asiyoyaelewa, na wawili hao wakakaa nacho mezani asubuhi nzima, wakibishana kuhusu mabati na kufuli. Simeon alipika chai mara mbili. Baada ya chakula usingizi ulimshika, akajilaza kitandani bila kuvua viatu, mlango wazi, sauti zao zikimfikia kama mvua ya mbali.

Scovia alimwona kutoka kwenye kiti chake. Alishusha kalamu, akanyoosha gongo lake moja, na kwa ncha yake ya mpira akausukuma mlango. Ulifunga bila sauti.

"Sasa," alimwambia Pauline, kwa sauti ya chini, "turudi kwenye zile kufuli."